Kope ya mama imeshuka na jicho ni jekundu pembeni: tusubiri au tumpeleke kwa daktari wa macho?

1. Mwana_Pangani
Wakuu, shikamooni wakubwa. Mama mzazi ana miaka 61, yuko Tanga na mdogo wangu wa kike, mimi niko Dodoma. Leo asubuhi nimetumiwa picha ya uso wake iliyopigwa kwa karibu sana. Hataki niiweke hapa, kwa hiyo nawaelezea ninachokiona nikiikuza.

Jicho la kushoto, kope ya juu imeshuka mpaka inakaribia katikati ya mboni. La kulia liko wazi kama kawaida. Hilo la kushoto lina wekundu kwenye weupe upande wa pua, na kope yenyewe naona kama imevimba kidogo, ngozi inang'aa. Tongotongo sioni, machozi sioni. Imeanza Ijumaa, leo Jumatatu. Mama anasema ni usingizi tu na kichwa kinamgonga juu ya jicho hilo. Ana kisukari tangu 2015 na presha, dawa anameza ila si kila siku.

Swali langu: hili ni la kusubiri wiki ipite au ni la hospitali?

2. Kijiweni_Temeke
Pole mkuu. Hizo ni redi aizi, zimerudi. Januari 2024 Dar nzima tulipata, mtaani kwetu nyumba haikupona hata moja, mpaka Wizara ikatoa tangazo. Anawe mikono, asichangie taulo, siku saba hadi kumi limepona. Usimtoe mama nyumbani akaambukize watu kwenye daladala.

3. Shangazi_Makorora
Redi aizi bila tongotongo? Mwanangu, sisi wa 2024 tulikuwa tunaamka kope zimegandana, unaosha kwa maji ya uvuguvugu ndipo unaona. Na hiyo ilihama jicho hadi jicho ndani ya siku mbili. Mimi nasema chokea. Muangalie ukingoni mwa kope, penye mizizi ya nywele, kama kuna kipele kinachouma ukikigusa. Kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika kumi, mara nne kwa siku. Asikikamue.

4. Bi_Miwani
Nimefanya uuguzi wa macho miaka 19, Kilimanjaro kisha Dar. Mwana_Pangani, umetaja mambo matatu kwa pumzi moja: wekundu, uvimbe, kope kushuka. Usiyachanganye bado, kwa sababu moja linaweza kuwa halina uhusiano na mengine, na watu hapa wameshika wekundu kwa kuwa ndio unaopiga macho kwanza.

Mimi ningeanza na kope. Kope inashuka kwa njia mbili tofauti kabisa. Ya kwanza ni uzito: imevimba, nene, imekuwa nyekundu, mkunjo wa juu ya kope umepotea, na mgonjwa akiambiwa afungue anajitahidi lakini mzigo unamshinda. Hiyo ndiyo ya chokea, mzio, kung'atwa na mdudu. Ya pili ni msuli au mshipa wa fahamu: kope ni nyembamba kama ya upande mwingine, imelala tu kama pazia lililokatika kamba. Hiyo ya pili kwa mtu mzima, ikianza ndani ya siku chache, haisubiri wiki.

Niambie vitu vinne. Nani alipiga picha, kwa kamera ya mbele au ya nyuma? Paji la uso upande ule lina mikunjo zaidi? Mboni mbili zina ukubwa sawa? Na mama akiinuliwa kope kwa kidole, anaona kitu kimoja au viwili?

5. Dereva_Malori254
Mimi hiyo nyekundu naijua. Mwaka jana nikitoka Malaba nilikohoa usiku kucha, asubuhi nikaangalia kwa kioo cha lori nikaona nusu ya jicho ni damu tupu. Nyekundu kama rangi ya nyumba, ukingo wake umekatwa safi. Haikuwa inauma, nilikuwa naona sawa. Niliogopa vibaya sana. Kule kliniki Eldoret wakanipima presha kwanza, wakaniambia ni kamshipa kadogo kamepasuka, itaisha yenyewe kwa wiki mbili. Ikageuka manjano kama jeraha la kugongwa, ikaisha. Kwa hivyo usiogope mkuu.

6. Bi_Miwani
Dereva, yako ilikuwa hivyo kweli, na walifanya vizuri kukupima presha. Lakini damu iliyovilia haishushi kope. Mwana_Pangani, huo wekundu wa mama ni bango moja la damu, au ni vimishipa unavyoweza kuvihesabu? Na uko mbali na kiduara cheusi au umekizunguka kama pete? Wekundu uliojipanga pete kuzunguka kiduara, pamoja na maumivu na kuona ukungu, ndio unaotufanya tukimbie. Wa pembeni huwa unatupa muda.

7. Mwana_Pangani
Vimishipa, navihesabu. Viko upande wa pua tu, vimefika nusu ya njia.

Kuhusu picha, mama alijipiga mwenyewe kwa kamera ya mbele. Na hapa nimejikuta nimekosea. Mama ana kovu kwenye nyusi ya KULIA, alianguka kwenye mnazi akiwa mdogo. Kwenye picha kovu liko juu ya hilo hilo jicho lililoshuka. Simu imegeuza picha kama kioo. Kwa hiyo ni jicho la kulia, siyo kushoto kama nilivyoandika. Mchana huu dada amepiga nyingine kwa kamera ya nyuma, nikaona kope iliyoshuka iko upande mwingine, nikapiga simu nikilia kwamba ugonjwa umehamia jicho la pili!

8. Mpima_Ardhi
Pole sana mkuu, ila hilo ni jambo la kweli. Simu nyingine zinahifadhi picha ya mbele kama kioo, nyingine zinaigeuza tena. Tafuta alama usoni kila mara: kovu, chunusi, kipini. Na simu nyingi za sasa zinalainisha ngozi zenyewe kwenye kamera ya mbele, zinafuta mikunjo ya paji ambayo Bi Miwani anaiulizia. Izimeni hiyo.

Jambo jingine, mwambie dada asisogeze simu karibu na uso. Kamera ikiwa sentimita 15 kutoka puani, jicho lililo karibu nayo linaonekana kubwa kuliko mwenzake. Asimame umbali wa mkono mzima, simu iwe usawa wa macho, kisha akuze kidogo.

9. Ndimu_Chumvi
Tone la maziwa ya mama anayenyonyesha, asubuhi na jioni. Bibi yangu alitutibu wote hivyo.

10. Bi_Miwani
Usimuwekee. Maziwa ni chakula cha vijidudu. Nimewapokea waliowekewa maziwa, mkojo, juisi ya majani, wakaja na kidonda kwenye kioo cha jicho, na kidonda hicho kikipona kinaacha doa jeupe la kudumu. Bibi yako alikuwa na nia njema na huenda macho yale yangepona yenyewe.

11. Nasra_Maskati
Mimi niko Maskati, nina miaka 34. Yangu ilianza na kope ya kushoto kushuka jioni tu. Asubuhi kwenye picha niko sawa, baada ya isha nimelala nusu jicho, na nikitafuna nyama taya linachoka. Mume wangu alikuwa ananitania kwamba nasinzia kwenye mazungumzo yake. Daktari alinifungisha macho akaniwekea kifurushi cha barafu juu ya kope dakika mbili, alipotoa kope ikawa imepanda, nikaiona mwenyewe kwenye kioo. Ni ugonjwa wa misuli kuchoka haraka, mayasthenia. Muulize mama kama asubuhi inakuwa nafuu. Na kama anapaliwa akinywa maji au pumzi inambana, msingoje hata saa moja.

12. Baba_Wawili
Naomba na mimi nisaidiwe. Mwanangu wa miaka 5 anaamka macho yote mawili yamevimba kama mtu aliyelia usiku, jioni yanapungua. Nimeweka dawa ya mzio wiki mbili. Ni macho gani hayo?

13. Bi_Miwani
Baba Wawili, ni yote mawili, ni asubuhi, na hayawashi? Basi huenda si ugonjwa wa macho. Mtazame miguu kama soksi inaacha alama ya kina, na mkojo kama una povu lisilokatika. Kesho mpeleke wampime mkojo kama una protini. Na hili ulijue pia: likivimba jicho moja, ana homa, na jicho linasukumwa mbele au linamuuma akiligeuza, hiyo ni usiku huo huo.

14. Mwana_Pangani
Dada Nasra, asante. Nimeuliza: asubuhi, mchana, jioni ni vile vile, haipandi. Anameza vizuri.

Dada amempiga picha upya kama mlivyosema. Paji la uso upande wa kulia limekunjamana kwelikweli, nyusi imepanda. Mama hajui kama anafanya hivyo. Kope sasa naiona si nene, mkunjo wake upo. Ule mng'ao nadhani ulikuwa mafuta. Mboni sizioni, macho yetu ni meusi, naona kiduara kimoja cheusi tu.

15. Bi_Miwani
Hapo kwenye mboni ndipo wengi wanaposema "ziko sawa" wakati hawajaziona. Kwa macho ya kahawia iliyokolea, punguza mwanga wa chumba, mama aangalie ukutani mbali, dada amulike tochi ya simu kutoka pembeni chini ya kidevu, si moja kwa moja usoni. Mwanga wa mshazari unaitenga mboni na rangi inayoizunguka. Apige picha hapo.

Na nyusi iliyopanda ni mama anaivuta kope kwa paji. Kwa hiyo kope imeshuka zaidi ya unavyoiona. Dada amshike paji kwa kiganja bila kubonyeza jicho, apige tena.

Ukipata hiyo picha, ipime. Kile kiduara chote cha rangi, kutoka kulia hadi kushoto, kwa karibu kila mtu mzima ni milimita 12 hivi. Hiyo ndiyo rula yako. Halafu tafuta nukta nyeupe ya mwanga inayoakisi jichoni, pima kutoka kwenye nukta hadi ukingo wa kope ya juu. Kawaida ni milimita 4 mpaka 5.

16. Mpima_Ardhi
Hii nimeipenda, ni skeli ya ramani. Mkuu, pima kiduara cha macho yote mawili kwanza. Kama upana haulingani, uso umegeuka na vipimo vyako havina thamani.

17. Mwana_Pangani
Nimeweka rula kwenye skrini ya kompyuta. Kiduara ni milimita 24 macho yote mawili, kwa hiyo picha ni mara mbili ya uhalisi. Jicho la kushoto, nukta hadi kope ni 9, maana yake 4.5. La kulia ni 2, maana yake 1. Paji likiwa limeshikwa.

Mboni nimeziona kwa tochi. Zinalingana, au ya kulia ni kubwa kwa unywele, siwezi kuapa.

Ila kuna kitu. Jicho la kushoto nukta nyeupe iko katikati ya mboni. La kulia nukta haiko katikati, imekaa upande wa pua. Ni tochi?

18. Bi_Miwani
Tochi ni moja kwa macho yote mawili. Nukta ikikaa upande wa pua, jicho lenyewe limegeukia nje. Dada amwinue kope sasa hivi, mama atazame kidole kimoja kwa macho yote mawili. Aseme anaona vidole vingapi.

19. Kitabibu_Kasulu
Mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Tofauti ya milimita 3.5, jicho limegeukia nje, mgonjwa wa kisukari, mboni zinalingana: huo ni mshipa wa fahamu wa tatu umekosa damu kwa sababu ya sukari. Nimeona wanne. Mboni ikiwa salama si uvimbe wa mshipa wa damu kichwani. Warekebishe sukari na presha, miezi mitatu kope inarudi. Msiwape watu hofu ya kusafiri usiku.

20. Mwana_Pangani
Viwili. Kope ikishuka ni kimoja, ikiinuliwa ni viwili, kimoja juu kidogo ya kingine. Mama amesema tangu Ijumaa sakafu "inamdanganya" akifungua jicho kwa nguvu, ndiyo maana analiacha lifunge. Hakumwambia mtu.

21. Bi_Miwani
Kope imekuwa inamfichia. Nendeni leo, siyo kesho.

Kaka Kasulu, kwa idadi uko sahihi, wengi wa umri wake wenye sukari ni hivyo ulivyosema. Ninachokataa ni kuiweka kazi yote kwenye mboni. Hii ni siku ya nne. Mboni inaweza kuwa salama Jumatatu na kupanuka Jumatano, na mwenye uzi ameshasema hawezi kuapa. Kichwa pia kinauma. Maumivu yanakuja kwa sababu zote mbili, kwa hiyo hayatusaidii kuchagua. Mboni ikianza kupanuka, mshipa wa damu uliovimba unaweza kuwa unaukandamiza ule wa fahamu, na huo wa damu ukipasuka hatuzungumzii jicho tena. Hilo ni jambo la picha ya kichwa, si la rula.

22. Kitabibu_Kasulu
Dada yangu, kipimo cha kichwa kwetu ni safari ya siku nzima na pesa ya mbuzi watatu. Ukimpeleka kila mwenye sukari, familia zinafilisika. Nampima mboni kila siku, ikibadilika ndipo nampa rufaa.

23. Bi_Miwani
Wewe unamuona kila siku kwa macho yako na tochi yako, na hiyo ina maana. Huyu mama anatazamwa kwa wasapu kutoka Dodoma.

24. Kijiweni_Temeke
Nafuta ya kwangu ya juu. Lakini basi wekundu umetoka wapi? Huo mshipa wa tatu unaleta wekundu?

25. Bi_Miwani
Haupaswi kuleta. Hilo na mimi linanisumbua. Dada amwambie daktari wazi: wekundu upo, na ni wa lini.

26. Mzee_wa_Chumbageni
Kabla hamjaondoka, angalieni pia kama si jicho la PILI lenye shida. Mke wangu tulihangaika na kope "iliyoshuka" miezi, kumbe jicho la upande mwingine ndilo lilikuwa limetokeza kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, weupe ulionekana juu ya kiduara. Lile tulilodhani limelala lilikuwa la kawaida.

27. Mwana_Pangani
Mzee, shikamoo. Nimeangalia, jicho la kushoto kope inafunika juu ya kiduara kidogo, weupe hauonekani. Wameondoka na bajaji kwenda hospitali ya mkoa.

28. Rehema_Ilala
Wakati tunasubiri, naomba niseme moja kwa wanaosoma. Wekundu wangu nilipewa matone dukani, yalikuwa yanafuta wekundu ndani ya siku moja, nikawa nanunua tena na tena miezi minane. Yalikuwa na steroidi, deksamethasoni. Macho meupe kabisa kwenye picha, huku presha ya ndani ya jicho inapanda. Upande wa pembeni wa jicho la kulia siuoni sasa na haurudi. Someni kilichoandikwa kwenye kichupa.

29. Mwana_Pangani
Nimerudi, ni saa nne usiku. Sukari ilikuwa 17, presha 178 kwa 100. Daktari amekuta kope, na jicho haliendi vizuri kuelekea puani wala juu. Mboni ameipima kwa mwanga na gizani, anasema ya kulia ni kubwa kidogo sana na inajibu mwanga, taratibu kidogo. Hajaridhika nayo. Amemlaza, na asubuhi gari linampeleka Muhimbili kwa picha ya kichwa yenye mishipa ya damu.

Wekundu: mama amekiri mbele ya daktari. Kichwa kilipouma Jumamosi alijipaka dawa ya kuchua kwenye paji na juu ya kope, ikaingia upande wa pua. Ule mng'ao niliouita uvimbe ndiyo hiyo dawa.

30. Shangazi_Makorora
Alhamdulillahi mmeenda. Mpe pole mama. Na mumfunike jicho moja akitembea, asianguke na hiyo sakafu yake mbili.

31. Kitabibu_Kasulu
Mkuu, bado naamini ni sukari. Lakini kwa mboni hiyo na mimi ningempa rufaa. Tuletee majibu.

32. Baba_Wawili
Bi Miwani, samahani kuingilia. Soksi zinaacha alama. Mkojo wa usiku huu nimeuangalia, povu lipo na limekaa. Tunaenda kesho saa moja kituo kikifunguliwa.

33. Bi_Miwani
Baba Wawili, asikojoe nyumbani kabla ya kwenda, akojolee kwenye chupa yao. Mwana_Pangani, dada achukue ile picha ya Jumatatu yenye tochi aende nayo Muhimbili, na awaambie ni ya saa ngapi. Mboni ya kesho wataipima dhidi ya hiyo.